Lapu ya chuma: kwa nini futi mbili hazitoshi, na kwa nini ncha zisikutane mahali pamoja

Kwenye mjengo mmoja upande wa Lanet, Nakuru, nilimkuta fundi wa chuma na kijiti chake cha kupimia lapu, yaani urefu ambao chuma kimoja hulala sambamba na kingine pale vinapoungwa. Kilikuwa kipande cha mbao cha futi mbili kamili, kimelainika kwa kushikwa miaka mingi. Kila palipohitaji chuma kuungwa na kingine, alilaza kijiti, akatia alama kwa chaki, akafunga waya. "Mzee, hiki kimejenga nyumba nyingi kuliko umri wa huyu kijana," aliniambia, akimwonyesha kibarua wake kwa kidevu. Kwa vyuma vya D12, yaani vya kipenyo cha milimita 12, alikuwa sahihi kabisa. Taabu ilianza alipokipeleka kwenye stata za kolamu, vile vyuma vinavyotokeza kwenye konkriti vikingoja kuungwa na vya juu, ambazo zilikuwa D16.

Mwongozo huu unahusu nyumba kama ile: ghorofa mbili juu ya ile ya chini, kolamu za milimita 230 kwa 400 zenye vyuma sita vya D16, ringi za D8 zinazovizunguka vyuma hivyo, na konkriti ya klasi 25. Ukielewa hesabu ya kolamu hii moja, nyingine utaziweza.

Lapu inafanya kazi gani hasa

Vyuma viwili vilivyolazwa sambamba havipokezani mzigo kupitia waya ya kufungia. Waya kazi yake ni kuvishikilia visisogee konkriti inapomwagwa, basi. Ukizungusha waya mara kumi hujaongeza nguvu hata kidogo. Mzigo hutoka kwenye chuma cha kwanza, huingia kwenye konkriti iliyokizunguka, kisha konkriti hiyo huupeleka kwenye chuma cha pili. Zile mbavu zilizo kwenye mwili wa chuma ndizo zinazoing'ang'ania konkriti. Kwa hiyo urefu wa lapu ni urefu wa kung'ang'ania: ukiwa mfupi, chuma huchomoka kabla hakijatumia nguvu yake yote.

Hapo ndipo kijiti cha futi mbili kinapokosea. Nguvu ya chuma hutegemea eneo la mkato wake, nalo hukua kwa mraba wa kipenyo. Mshiko hutegemea mzingo wa chuma, ambao hukua sawasawa na kipenyo. Chukua chuma chenye kipenyo mara mbili ya kingine: kinabeba mara nne, lakini kila inchi yake inashika mara mbili tu. Lazima basi kipewe urefu mara mbili. Ndiyo sababu lapu huandikwa kama idadi ya vipenyo, haiandikwi kwa futi.

Tufanye hesabu ya D16 kwa utaratibu wa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya ujenzi wa konkriti, ambao ndio mafundi na mainjinia wengi hapa Kenya wamekulia. Chuma cha daraja la 500 huhesabiwa kuwa kinabeba niutoni 435 kwa kila milimita ya mraba. D16 ina eneo la milimita za mraba 201, kwa hiyo inabeba kilo-niutoni 87 na ushei, uzito wa karibu tani tisa. Konkriti ya klasi 25 hupewa mshiko wa niutoni 2.5 kwa kila milimita ya mraba ya uso wa chuma chenye mbavu. Mzingo wa D16 ni milimita 50.3, kwa hiyo kila milimita moja ya urefu inashika kama niutoni 126. Gawanya 87,400 kwa 126, unapata milimita 695. Hiyo ni sawa na vipenyo 44 hivi.

Futi mbili ni milimita 610. Kwa D16, kijiti kile kinatoa asilimia 88 ya nguvu inayotakiwa. Kwa D20 kinashuka hadi asilimia 70, na kwa D25 ni asilimia 56, nusu na kidogo. Kwa D12 kinapita kinachohitajika, na nadhani ndiko desturi ilikoanzia, enzi ambapo nyumba nyingi zilikuwa na D12 tu kwenye ringbimu.

Mchoro wa nyumba ile uliagiza vipenyo 50, si 44. Sikuona ni ubadhirifu. Ukirudia hesabu hiyo kwa konkriti iliyofika klasi 20 tu, unapata vipenyo 49. Yaani injinia alishapiga hesabu ya siku ambayo mtu wa mikisa ataongeza maji ili konkriti iteremke vizuri. Kwa vipenyo 50 unapata hivi:

```
lapu = 50 × d
D10 =  500 mm
D12 =  600 mm
D16 =  800 mm
D20 = 1000 mm
D25 = 1250 mm
```

Vyuma vya vipenyo tofauti vikikutana, mfano D20 inatoka chini na D16 inapanda juu, lapu huhesabiwa kwa kile chembamba, kwa sababu ndicho kinachoweka kikomo cha mzigo. Na mchoro ukiandika tarakimu nyingine, fuata mchoro. Jedwali hili ni la vipenyo 50 pekee.

Kwa nini lapu zipishane

Mbavu za chuma zinapoisukuma konkriti, haziisukumi mbele tu. Zinaitanua pia kuelekea nje, kama kabari inavyopasua gogo. Kwenye lapu kuna vyuma viwili vinavyotanua mahali pamoja. Ikiwa lapu iko peke yake, konkriti ya pembeni na ringi huizuia. Lapu zote sita zikiwa usawa mmoja, nyufa za lapu hii hukutana na za jirani yake, kava, ile konkriti inayofunika vyuma, ikabanduka kama ganda la andazi. Ufa wa namna hii utaujua kwa sababu unafuata chuma kwa urefu wake. Haukati kolamu kwa upana.

Sababu ya pili ni zile ncha. Pale lapu inapoishia, idadi ya vyuma hupungua ghafla kutoka kumi na viwili hadi sita. Konkriti ikivutwa, ufa hupenda kufunguka hapo hapo. Ncha zikitawanywa, ufa mmoja mpana unagawanyika kuwa midogo ambayo haidhuru.

Sababu ya tatu ni ya kawaida kabisa, na kwenye bimu ndiyo inayoniudhi zaidi: balasti haipiti. Nitairudia tukifika huko.

Nikiri jambo moja ili fundi wako asikushinde kwa hoja. Kwa kolamu inayosukumwa tu kutoka juu bila kupindwa, kanuni za BS 8110 na hata Eurokodi 2 ya Ulaya hazikatazi kuunga vyuma vyote usawa mmoja. Michoro mingi huku kwetu inaonyesha hivyo, lapu zote zikiwa juu tu ya slabu. Lakini kolamu ya pembeni mwa nyumba haisukumwi tu. Bimu inayoingia upande mmoja huipinda, na kupindwa huko ni kukubwa zaidi karibu na slabu, chini na juu. Upande mmoja wa kolamu unaweza kuvutwa. Sisi tunaojenga Nakuru tuna sababu nyingine: tuko ndani ya Bonde la Ufa, na tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, la ukubwa wa 6.9, lilitokea papa hapa kwetu. Ardhi ikitikisika, miguu ya kolamu ndiyo inayopindwa zaidi, na huko ndiko tulikorundika lapu zote. Ndiyo maana wanaosanifu kwa ajili ya matetemeko huzipandisha lapu hadi katikati ya urefu wa kolamu. Mchoro wa Lanet ulichukua njia ya katikati: nusu ya lapu chini, nusu nyingine juu yake.

Kupanga kolamu, hatua kwa hatua

Anza na mpishano. Eurokodi 2 inataka kati ya mwisho wa lapu moja na mwanzo wa lapu ya jirani kuwe na nafasi isiyopungua 0.3 ya urefu wa lapu. Kwa lapu ya 800 hiyo ni 240. Kwa hiyo kundi la pili huanza 800 na 240 juu ya kundi la kwanza, yaani milimita 1040. Tukakata vijiti viwili vipya, kimoja cha 800 na kingine cha 1040, tukavipaka rangi tofauti. Usimpe fundi tarakimu za kukumbuka wakati unaweza kumpa kijiti.

Kisha chagua vyuma vya kila kundi. Zunguka kolamu kwa mpangilio wa fupi, ndefu, fupi, ndefu. Upande mmoja mrefu utakuwa na pembe fupi, kati ndefu, pembe fupi. Upande wa pili utakuwa kinyume chake. Kwa njia hiyo hakuna chuma kinachoungwa usawa mmoja na jirani yake. Usiweke fupi zote tatu upande mmoja: utakuwa umeunda ubavu dhaifu upande huo.

Sasa kata stata. Pima kutoka juu ya kika, kile kisigino kifupi cha konkriti ambacho kolamu huanzia, si kutoka juu ya slabu. Kika yetu ilikuwa milimita 75, kwa hiyo stata fupi zilitokeza 875 juu ya slabu, na ndefu zilitokeza 1915. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kutaka unadhifu: kibarua anaona stata hazilingani, anachukua msumeno, anazisawazisha. Mwambie mapema.

Vyuma vinavyofuata vyote vina urefu mmoja. Kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3, ongeza lapu ya 0.8, kila kipande ni mita 3.8. Chuma cha mita 12 kinatoa vipande vitatu na kubaki sentimita 60. Kile kinachoanza chini kinaishia chini kwenye ghorofa inayofuata, na kinachoanza juu kinaishia juu, kwa hiyo mpishano unajirudia wenyewe. Wenye nyumba huniuliza kama kupishanisha kunakula chuma. Stata tatu ndefu zinaongeza kama mita 3.1 za D16 kwa kolamu, kilo tano hivi. Lakini kwenye ghorofa ya mwisho, vyuma vinavyokalia stata ndefu vinakuwa vifupi kwa kipimo hicho hicho, na chuma kinarudi. Kinachoongezeka kweli ni ringi.

Kabla ya kusimamisha, kunja shingo kwenye mguu wa chuma kipya ili kikae ndani ya stata bila kuisukuma kolamu nzima kando. Shingo iwe ya taratibu, moja kwa kumi: kusogea milimita 20 kunahitaji urefu wa milimita 200. Kunja kwenye meza. Nimeona fundi akikunja stata iliyokwisha kumwagiwa, kwa kuitumbukiza kwenye paipu na kuegemea kwa uzito wake wote. Konkriti changa ya mguuni hupasuka, na mshiko wa sehemu hiyo umekwenda.

Funga ringi karibu karibu kwenye eneo la lapu, maana ringi ndizo zinazozuia ule mtanuko wa kabari. Mchoro ulitaka ringi kila milimita 200, na kila 120 penye lapu. Kwa kuwa tumepishanisha, eneo la lapu linaanzia juu ya kika hadi 1915, na hapo utatumia ringi tatu au nne zaidi kuliko kama lapu zote zingekuwa chini. Weka ringi moja hasa pale shingo inapoanzia, kwa kuwa chuma kilichopinda kikisukumwa hutaka kutoka nje.

Stata ndefu zikiachwa huru, upepo wa mchana wa huku huziyumbisha, na konkriti ambayo haijakomaa hulegea kuzizunguka. Funga ringi ya muda karibu na ncha zake siku ileile ya kumwaga slabu. Na uji wa saruji ukizirukia, ufute kwa gunia ukiwa mbichi. Ukikauka, mbavu zimeshajaa, na itabidi kibarua asugue kwa brashi ya waya hadi jioni. Kutu nyembamba ya rangi ya chungwa haina neno. Ile inayobanduka vipande ndiyo ya kuondoa.

Bimu: mahali pa lapu kwanza, mpishano baadaye

Kwenye bimu, kosa kubwa si urefu wa lapu bali ni mahali ilipowekwa. Bimu ya nyumba ile ilikuwa na mita 15, na vyuma vitatu vya D16 chini, ikikalia kolamu nne zilizoachana kwa mita 5. Fundi alitaka kulaza vyuma vya mita 12 kutoka mwisho mmoja na kuunga vinapoishia. Hesabu kidogo: mita 12 inaangukia karibu na katikati ya nafasi ya tatu, ambayo katikati yake ni mita 12.5. Hapo ndipo chuma cha chini kinapovutwa kwa nguvu zaidi, na vyote vitatu vingeungwa papo hapo.

Kwa mizigo ya kawaida ya nyumba, chuma cha chini kiungwe karibu na kolamu, na cha juu kiungwe katikati ya nafasi. Juu ya kolamu, bimu hujipinda kinyume, na chuma cha juu ndicho kinachofanya kazi hapo. Kwa balkoni inayoning'inia, chuma cha juu kisiungwe kabisa kwenye sehemu inayoning'inia.

Vyuma vya chini tukavigawanya. Cha kwanza lapu yake ilianzia mita 9.1 kutoka mwisho uleule hadi 9.9, kushoto tu mwa kolamu ya tatu. Cha pili kiliungwa kwenye kolamu ya pili, upande mwingine kabisa. Cha tatu lapu yake ilianzia 10.14 hadi 10.94, kulia kwa kolamu ya tatu. Kati ya 9.9 na 10.14 kuna milimita 240, ile 0.3 yetu. Ndiyo, ilibidi kukata vyuma vizima, na mwenye nyumba alinung'unika. Lakini vipande vya mita 5.9 vya chuma cha kwanza vilitoka viwili kwenye mita 12 moja, vikatosha bimu mbili.

Sasa ile hadithi ya balasti. Bimu ina upana wa milimita 200. Toa kava ya 25 na ringi ya 8 kila upande, inabaki 134. Vyuma vitatu vikiungwa pamoja ubavu kwa ubavu vinakuwa sita, milimita 96. Zinabaki 38 kugawanywa nafasi mbili, yaani 19 kila moja. Balasti ya milimita 20 itakaa juu ya vyuma kama kuku kwenye kitagio, na chini yake kutakuwa na mashimo. Chuma kisichozungukwa na konkriti hakishiki chochote, hata lapu ikiwa ya mita mbili. Ukiunga kimoja tu mahali hapo, vyuma ni vinne, milimita 64, na kila nafasi inakuwa 35. BS 8110 ina kipimo chepesi cha hili: penye lapu, jumla ya vipenyo kwenye safu moja isizidi asilimia 40 ya upana. Vyuma sita vinatoa 48. Vinne vinatoa 32.

Chuma cha juu cha bimu kina tabia yake. Konkriti ikishatulia, maji hupanda na kukwama chini ya chuma hicho, yakaacha utando dhaifu. Kava ikiwa chini ya vipenyo viwili, BS 8110 inazidisha lapu angalau kwa 1.4. Vipenyo vyetu 44 vinakuwa 61, na D16 inahitaji kama milimita 975. Uliza mchoro umeandika nini kwa vyuma vya juu. Ukikuta tarakimu moja kwa vyote, mpigie injinia simu.

Kukagua, na kosa likishatokea

Kagua kabla boksi la kumwagia konkriti halijafungwa. Mimi huhesabu ncha: nasimama usawa mmoja wa kolamu na kuuliza ni ncha ngapi ninazoziona kwenye kiganja kimoja cha urefu. Zikizidi tatu kati ya sita, mpishano umepotea. Halafu napima lapu kwa mkanda, kuanzia ncha hadi ncha, bila kuhesabu ile shingo iliyokunjwa. Vyuma viwili vya lapu visipogusana ni sawa, mradi mwanya usizidi milimita 50.

Pale Lanet stata mbili za pembe zilitokea fupi, milimita 450 badala ya 800, kwa sababu ya yule kijana wa msumeno. Fundi alipendekeza kuweka chuma cha ziada kando. Kwenye bimu ambayo haijamwagwa, na vyuma vyote viko wazi, hiyo ni dawa nzuri: kipande chenye lapu kamili kila upande. Kwenye stata haisaidii. Chuma kinachotoka kwenye konkriti kina milimita 450 tu za kukabidhi mzigo, na ukipanga vitatu kando yake, urefu wake wa kukabidhi haubadiliki. Kuchomelea pia tulikataa, kwa sababu joto la mtu asiyejua aina ya chuma hukifanya kuvunjika kama biskuti.

Injinia aliamua tutoboe kando ya kila stata fupi, kina alichokihesabu mwenyewe, na tubandike chuma kipya kwa gundi ya epoksi. Tulitoboa asubuhi. Kazi iliyochukua muda mrefu haikuwa kutoboa bali kusafisha: brashi, kupuliza, brashi tena, kupuliza tena, hadi vumbi likome kutoka, kwa sababu gundi ikishika vumbi haijashika konkriti. Siku iliyofuata kimoja kilivutwa kwa jeki kupimwa, kikashika, ndipo boksi likafungwa.